Glasi ya Juisi Inaanzia Mizanini



Nimeombwa nizungumzie biashara ya juisi ya matunda. Nikisema nigusie kila tunda na kila mashine tutakesha. Kwa hiyo nitachukua tunda moja, nanasi, na mzigo mmoja wa mananasi hamsini. Tutaufuata kutoka sokoni Mabibo hadi kwenye glasi ya mteja, halafu hadi kwenye jagi la blenda linapooshwa. Nanasi nimelichagua kwa sababu vibanda vingi vya hapa Dar es Salaam haviliachi, na pia kwa sababu katika matunda yote hilo ndilo linalowadanganya zaidi wenye vibanda katika hesabu.

Hoja yangu nitaitaja sasa hivi ili anayetaka kubisha aanze kujipanga. Blenda chafu huanzia kwenye bei. Mtu anayeuza juisi karibu sawa na gharama yake hana nafasi ya kuosha jagi katikati ya kazi, hana jagi la pili, na jioni mkono unakuwa mzito kumwaga lita mbili zilizobaki. Si kwamba hajui usafi. Wengi wamefundishwa na wanajua. Hesabu yake haikuacha nafasi ya usafi, basi usafi unakuwa jambo la kufanywa siku akipata nafasi, na nafasi haipatikani.

Twende sokoni kwanza.

Mananasi mengi tunayokunywa mjini hapa yanatoka Kiwangwa, wilaya ya Bagamoyo. Yanafika na malori, yanamwagwa chini, na yanauzwa kwa kuhesabu. Hapo ndipo mtego wa kwanza ulipo, kwa sababu wewe unauza juisi kwa kipimo cha ujazo ilhali umenunua kwa kichwa. Nanasi la kilo mbili na nanasi la kilo moja na robo yanaweza kukaa kwenye fungu moja kwa bei moja. Zaidi ya hapo, tunda dogo lina ganda jingi zaidi kwa kulinganisha na nyama yake. Ukimenya mananasi matatu madogo, ganda na macho utakayotupa ni mengi kuliko ukimenya moja kubwa lenye uzito wa hayo matatu kwa pamoja, na kisu kimefanya kazi mara tatu. Mimi naenda sokoni na mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano. Siwapimii wauzaji mzigo wao, maana watanifukuza. Napima matano niliyookota sehemu tofauti za fungu ili nijue wastani, ndipo nazungumza bei.

Jambo la pili la sokoni ni uivaji, na hapa kuna kitu ambacho wengi wetu tumekichanganya. Embe bichi unaweza kulivundika, na ndizi vilevile, hata papai na parachichi. Hayo huendelea kuiva baada ya kuchumwa. Ndizi, kwa mfano, ina wanga ndani yake ambao unageuka kuwa sukari ikiwa imekaa pembeni tu. Nanasi halina akiba hiyo. Utamu liliokuja nao kutoka shambani ndio utakaokuwa nao mpaka mwisho. Likikaa kibandani litageuka manjano, litalainika, litanukia, na mwisho litaoza, lakini utamu hauongezeki. Chungwa na tikiti maji ni hivyo hivyo. Kwa hiyo ukiambiwa na dalali, "Chukua haya, yatakaa siku mbili yatakuwa matamu," jua kwamba atakuuzia ukali, na wewe utaufidia kwa sukari ya dukani.

Rangi peke yake haitoshi, kwa sababu kuna dawa ya kupuliza shambani inayogeuza ganda kuwa manjano wakati nyama bado changa. Mimi naangalia macho ya nanasi: yakiwa yametanuka na kuwa bapa, tunda limekomaa, yakiwa yamechongoka, limechumwa mapema. Nanusa sehemu ya chini, palipokatwa shina. Harufu tamu ni nzuri, harufu ya siki au pombe ina maana kwamba limeshaanza kuchacha ndani. Nabonyeza hapo hapo chini, kwa kuwa uozo mwingi wa nanasi unaingilia kwenye kidonda cha shina au palipogongwa. Na kila ninapochukua mzigo naomba moja likatwe, la katikati ya fungu, si lile ambalo muuzaji ameshaliweka tayari kwa ajili ya kuonjesha. Anayekataa kulikata nanasi moja ili uchukue hamsini, mwache.

Sasa tuingie kwenye hesabu ya mavuno, maana hapo ndipo nilipotaka kukaa.

Ukimuuliza mwenye kibanda kilo moja ya nanasi inatoa juisi kiasi gani, mara nyingi atakujibu kwa glasi: "Nanasi moja natoa glasi tatu," au nne. Muulize glasi ya ukubwa gani, na maji ameweka kiasi gani, na povu alilihesabu au hakulihesabu. Hapo mazungumzo yanakwisha. Kipimo cha kweli kinapatikana kwa kazi ya nusu saa, na ningependa kila mmoja wenu aifanye kwa matunda yake mwenyewe, kwa kisu chake na blenda yake.

Chukua kilo kumi za mananasi kama yalivyotoka sokoni, yameoshwa na kufutwa maji. Kata vishungi vya majani, vipime. Kwa matunda ya kawaida ya hapa utapata kama kilo moja na kidogo. Menya, toa macho, toa ule moyo mgumu wa katikati, pima vyote pamoja. Vitakaribia kilo nne. Kinachobaki ni nyama, kama kilo tano. Umeshapoteza nusu ya ulichonunua, na blenda bado hujaiwasha.

Isage nyama hiyo bila maji. Najua mtasema blenda haishiki bila maji. Inashika, ukianza na vipande vilivyolainika chini karibu na visu, ukisaga kwa kukatisha katisha, kisha ukaongeza vigumu kidogo kidogo. Kuanzia jagi la pili unaweza kutumia kikombe cha juisi iliyotoka jagi la kwanza badala ya maji. Chuja. Machicha yatakayobaki kwenye chujio yatakuwa nusu kilo au zaidi kidogo, kutegemea chujio lako na jinsi unavyokamua. Halafu, na hili ndilo linalosahaulika, subiri. Visu vya blenda vinapiga hewa ndani ya juisi, na nanasi linashika povu kuliko matunda mengi. Jagi lililotoka kuzimwa linaweza kuonyesha robo zaidi ya juisi iliyomo. Acha dakika kumi, povu lipande juu na kutulia, ndipo usome kipimo. Nikifanya hivi kwa nanasi zuri napata lita 4.2 hivi katika kilo kumi. Yaani kilo moja iliyonunuliwa inatoa mililita 420 za juisi isiyotiwa maji. Si lita moja, wala si nusu lita.

Hilo povu lina kesi nyingine. Mteja aliyejaziwa glasi papo hapo akaenda kukaa, baada ya muda anaona juisi yake imeshuka vidole viwili, na anajua amepunjwa hata kama hakusema. Mjazie jagi lililokwisha kutulia.

Matunda mengine nitayapitia haraka. Chungwa la kukamua linakaribia nanasi, mililita 400 hadi 450 kwa kilo, ila likisagwa kwenye blenda pamoja na ngozi zake nyeupe juisi inazidi kuwa chungu kadiri inavyokaa. Tikiti hutoa zaidi ya nusu lita kwa kilo. Embe halitoi juisi, linatoa uji mzito, kama gramu 600 kwa kilo likiwa la kokwa dogo, na huo lazima uuzimue. Pasheni inatisha ukiitazama kwenye mizani, kwa sababu theluthi mbili ni ganda na mbegu. Lakini ile theluthi moja ina ukali na harufu ya kubeba maji mara tatu yake. Pasheni usiisage kwa nguvu. Mbegu zikivunjika zinaacha chembe nyeusi na uchungu. Mizunguko miwili mitatu ya kukatisha inatosha kuachanisha mbegu na nyama. Tarakimu hizi ni za kuanzia tu. Msimu ukibadilika zinabadilika, na nanasi la kiangazi si la masika.

Turudi kwenye mzigo wetu. Bei nitakazotaja ni za mfano. Weka zako mahali pake, njia ni ile ile.

Tumenunua mananasi 50 kwa shilingi 1,800 kila moja, jumla 90,000. Upakiaji na kirikuu hadi kibandani ni 15,000. Mzigo umefika kwa 105,000. Wastani wa tunda ni kilo 1.8, hivyo tuna kilo 90. Tunapoyapanga tunakuta matano yamegongwa njiani au yameoza chini. Yanabaki 45, yaani kilo 81. Zidisha kwa 0.42, tunapata lita 34. Katika kuhamisha, kuonja, kumwagika na mabaki ya kufunga, toa lita mbili. Tunauza lita 32.

Gawa 105,000 kwa 32. Kila lita ya juisi imetugharimu shilingi 3,281. Sasa fikiria yule anayehesabu kwa macho: kilo 90 kwa 90,000, kilo moja elfu moja, na kwa kuwa kilo na lita zinafanana mdomoni, juisi yangu ni elfu moja kwa lita. Amekosea zaidi ya mara tatu, na hakuna siku atakayoona kosa hilo limeandikwa mahali. Ataona tu kwamba anauza sana na hela haionekani.

Glasi yetu ina mililita 300 za juisi, mbali na barafu. Juisi hiyo ni shilingi 984. Tangawizi na limau, weka 40. Barafu, 80. Kikombe cha kuondoka nacho, kifuniko na mrija, 200. Jumla 1,304. Hiyo ndiyo gharama inayotoka kila glasi inapotoka.

Upande wa pili kuna gharama zisizojali umeuza au hukuuza. Pango 400,000 kwa mwezi. Vijana wawili, 250,000 kila mmoja, jumla 500,000. Umeme 150,000. Maji, sabuni na klorini 60,000. Leseni, ushuru na akiba ya kutengeneza mashine, 90,000. Tunapata 1,200,000.

Tukiuza glasi kwa 2,500, baada ya kutoa 1,304 inabaki 1,196. Ili kulipa ile milioni moja na laki mbili tunahitaji glasi 1,004 kwa mwezi. Tukifungua siku 26, ni glasi 39 kwa siku, na faida kamili inaanzia glasi ya 40. Tukiuza 2,000, inabaki 696, na tunahitaji glasi 67 kwa siku. Tukishuka hadi 1,500 kwa sababu jirani ameshuka, inabaki 196. Hapo tunahitaji glasi 236 kila siku kabla hatujapata hata nauli ya kurudi nyumbani.

Naomba muitazame hiyo 236 kwa jicho la mtu anayeosha blenda. Kibanda kinafungua saa nne asubuhi kinafunga saa mbili usiku. Glasi 236 kwa saa kumi ni glasi moja kila dakika mbili na nusu, bila kupumua. Nani atasimama dakika kumi kuosha jagi? Na lita mbili za jioni ni glasi sita na zaidi, faida ya glasi nyingi zilizouzwa kwa jasho. Zitamwagwa? Zitaingia friji, na kesho asubuhi zitachanganywa na za leo.

Yupo atakayesema suluhisho ni maji. Kweli, wengi tunaweka, na sioni haya kulitaja. Ukiweka lita moja ya maji kwa kila lita mbili za juisi, gharama ya lita inashuka hadi kama 2,187, na juisi ya glasi inashuka hadi 656. Wateja wengi wa joto hili wanapenda juisi nyepesi. Ila maji hayo nayo yawe yamechemshwa au yametibiwa, kwa kuwa hakuna moto utakaopita juu yake tena. Na andika kwenye ubao kipi ni nanasi tupu na kipi kimezimuliwa, kila kimoja na bei yake. Kuna wanaochemsha maganda yaliyooshwa na mioyo ya nanasi pamoja na tangawizi, wakapoza, wakatumia hayo badala ya maji matupu. Ladha inabaki na ganda limelipa kitu. Ni njia nzuri, mradi maji hayo yapozwe haraka na kuwekwa kwenye baridi, yasiachwe kwenye sufuria mpaka mchana.

Sasa jagi.

Watu wengi wanaamini juisi chachu inajilinda. Kuna kaukweli. Kipimo cha asidi cha nanasi, pH, ni kama 3.5, na vijidudu vya kipindupindu haviwezi kuvumilia asidi ya namna hiyo. Lakini tikiti na papai zina pH inayozidi 5, hazilindi kitu, na parachichi ndilo laini zaidi kwa upande huo. Hata juisi chachu haikinzi kila kijidudu. Mwaka 1996, Marekani na Kanada, watu zaidi ya 60 waliugua na mtoto mmoja alifariki kwa juisi ya tofaa isiyochemshwa iliyokuwa na bakteria aina ya E. coli O157:H7. Tofaa ni chachu, na juisi ile ilikuwa ikiuzwa ikiwa ya baridi. Bakteria huyo anavumilia asidi, na baridi inamlaza tu, haimwui. Baada ya hapo, mwaka 2001, Marekani ilitunga kanuni maalumu za usalama kwa viwanda vya juisi. Sisi hatuna kiwanda cha kuchemshia. Tulichonacho ni maji, sabuni, klorini na saa ya ukutani.

Uchafu unaingia kwenye juisi kwa njia chache. Ya kwanza ni ganda. Kisu kinapopita kwenye tikiti lisilooshwa kinabeba udongo wa shambani kuupeleka ndani ya nyama. Nanasi ni baya zaidi maana macho yake yanashika mchanga. Tunda lioshwe kwanza kwa brashi na maji safi mpaka matope yaishe, ndipo liingie kwenye maji ya klorini. Mpangilio huo usiugeuze: klorini ikikutana na matope inajimaliza kwa matope na kuwaacha wadudu. Kwa ile dawa ya kufulia nguo nyeupe isiyo na manukato, yenye asilimia 3.5, kijiko kimoja cha chakula katika lita tano za maji kinatosha. Lioge dakika mbili, kisha suuza. Maji hayo yabadilishe yanapochafuka, na usiyaweke tangu asubuhi hadi jioni juani, nguvu inapotea.

Ya pili ni barafu. Kuganda hakusafishi maji. Barafu ya mabonge inayokokotwa chini na kupasuliwa kwa nyundo juu ya kiroba inaharibu kazi yote niliyoieleza. Ganda mwenyewe kwa maji yaliyochemshwa, au ganda vipande vya embe na nanasi vya msimu kwenye friza, uvisage vikiwa vigumu. Utapata baridi bila kuipunguza juisi.

Ya tatu ni blenda yenyewe, na hapa nataka mnifuate hadi chini ya visu. Geuza jagi lako ufungue kitako. Kati ya visu na jagi kuna mpira wa duara, raba ya kuzuia kuvuja. Wengi waliokuja kwangu na blenda zao hawakuwa wameutoa mpira huo tangu waliponunua. Ndani ya mfereji wake utakuta ute wa kijivu au madoa meusi. Huo ute ni makazi: bakteria na hamira wamejijengea utando unaowakinga dhidi ya sabuni na klorini. Unaweza kusuuza jagi mpaka ling'ae, na kila juisi mpya ikapita juu ya utando huo ikaambukizwa upya. Dalili zake zinajulikana. Pitisha kidole kwenye mfereji: ukiteleza, haujasafishwa. Nusa mpira: ukinuka chachu au unyevunyevu, hivyo hivyo. Juisi iliyotoka jagi hilo itaanza kutoa vipovu vidogo na kuchacha mapema kuliko ile uliyosaga kwenye jagi safi, hata matunda yakiwa ni yale yale.

Kuosha kunakwenda hivi. Suuza mara tu unapomaliza, kabla sukari haijakauka. Tia maji ya uvuguvugu nusu jagi na tone la sabuni, washa nusu dakika. Hapo ndipo wengi wanapoishia, na hiyo ni hatua ya kulainisha tu. Chomoa waya kwenye umeme, fungua kitako, toa visu na mpira, sugua kila kimoja kwa brashi ndogo, hata nyuzi za kufungia kitako. Mswaki mpya uliotengwa kwa kazi hiyo unafaa. Suuza. Tumbukiza vyote dakika mbili katika klorini ya kiwango kile kile cha matunda, lakini maji mapya. Usivilaze humo usiku kucha, chuma cha visu kitaliwa na mpira utapasuka. Suuza kwa maji salama, pindua juu ya waya, vikauke kwa hewa. Usifute kwa kitambaa. Kitambaa kile kimefuta meza, mikono na pua ya mtoto. Kwa sababu hiyo hiyo chujio la plastiki au chuma ni bora kuliko kitambaa cha kuchujia, ambacho kikikauka nyuzi zake zimeshashika kila kitu.

Mara ngapi? Kati ya aina moja ya juisi na nyingine, suuza. Kufungua kabisa na kusugua, kila saa mbili katika joto la hapa, na usiku wa kufunga bila kukosa. Ikiwa umesaga maziwa au parachichi, fungua mara moja, usingoje saa. Blenda kubwa za kibiashara, zile ambazo kitako hakifunguki kwa mkono, zina kasoro yake: bati lililoshikilia visu likilegea, unyevu mweusi unatokea chini ya jagi. Ukiona doa jeusi kwenye kikalio, weka jagi hilo kando siku hiyo hiyo, kwa sababu grisi ya ndani inaingia juu kama vile juisi inavyotoka chini.

Mmoja wenu atauliza muda huo unalipwa na nani. Tufanye hesabu. Kuosha kwa ukamilifu mara sita kwa siku, dakika kumi kila mara, ni saa moja ya kijana. Mshahara wake wa 250,000 kwa siku 26 za saa kumi ni kama shilingi 960 kwa saa. Igawe kwa zile glasi 39. Inatoka shilingi 25 kwa glasi. Usafi wa jagi ni shilingi 25, katika glasi ya 2,500. Lakini saa hiyo haipatikani kama jagi ni moja na foleni imesimama, ndiyo maana jagi la pili linatangulia friji la pili katika orodha ya manunuzi. Moja linasaga, jingine linakauka.

Kuhusu juisi iliyobaki, sheria ya kwangu ni kwamba kilichokwisha kusagwa hakilali. Kinakaa kwenye baridi ya nyuzi 4 mpaka kufunga, kinamwagwa, na kiasi chake kinaandikwa kwenye daftari lile lile la mauzo. Tulishatoa lita mbili kwenye mzigo wetu tangu mwanzo, kwa hiyo kumwaga kumeshalipiwa na mteja. Daftari likionyesha siku tatu mfululizo tunamwaga zaidi ya tulichokata, tunasaga majagi machache baada ya saa kumi na mbili jioni, na mzigo unaofuata tunachukua mananasi arobaini.

Na mkienda Kariakoo kununua blenda, nunueni na mipira miwili ya akiba siku hiyo hiyo, ya aina ile ile, kwa sababu mpira wa mashine moja hauingii kwenye nyingine, na mwakani muundo wenu unaweza kuwa umekwisha dukani. Andikeni tarehe ya kuubadilisha chini ya jagi kwa wino usiofutika. Mpira ukianza kuwa mgumu, kupasuka au kubaki na harufu hata baada ya klorini, utoeni.

Karibuni kwa maswali.